Fremu Moja Nyuma

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Nina chumba kidogo hapa komini ya Kenya, Lubumbashi, chenye kompyuta moja, betri ya kuokoa kazi umeme unapokatika, na pazia jekundu ambalo wateja hupenda kusimama mbele yake. Kwa miaka mingi fremu kwangu ilikuwa na maana moja tu: bibi harusi amefumba macho au hajafumba. Nikikuta amefumba nasogea fremu moja mbele au moja nyuma, natoa picha, namaliza. Sikujua kwamba mazoea hayo hayo ndiyo yangenifanya nimdanganye kocha wa watu bila kukusudia.

Mpwa wangu ana miaka 17 na anakimbia mita 100. Anafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha udongo kule Katuba, ambako njia huchorwa kwa chokaa na hufutika kila watoto wa mpira wakipita. Kocha wake ni mzee wa makamo asiyeamini sana saa ya mkononi, lakini anaamini macho yake. Mwezi wa 3 aliniita akaniambia: “Fundi, wewe una kamera. Huyu mtoto mguu wake unatangulia mwili. Mimi naona, yeye haoni. Nipigie ili aone.”

Mguu kutangulia mwili, kwa lugha ya kiwanjani, ni hivi. Mkimbiaji akiwa kwenye kasi kamili, hakuna anayekanyaga chini ya nyonga zake kabisa. Wote hutua mbele kidogo. Lakini anayetua mbele mno anakuwa amejiwekea breki: ardhi inamsukuma kurudi nyuma mpaka mwili upite juu ya mguu, ndipo aanze kusukuma mbele. Kila hatua anapoteza kidogo, halafu anatumia nguvu kukirudisha kile alichopoteza. Pia mguu unakaa chini muda mrefu zaidi. Wakimbiaji wakubwa wa dunia, wakiwa katika kasi yao ya juu, mguu hukaa chini kama sehemu 8 mpaka 10 za mia ya sekunde. Mtoto anayejifunza hukaa zaidi ya hapo, na jicho la mtu haliwezi kuhesabu tofauti hiyo hata likiwa la kocha.

Video ya kwanza niliyopiga haikufaa kitu. Nilifanya kama ninavyofanya bibi harusi anapoingia ukumbini: nilishika kamera mkononi nikamfuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilipendeza. Dada yangu aliiweka kwenye simu yake mpaka leo. Lakini kamera inayogeuka haina mahali pa kupimia. Mguu unaonekana umetua mbele ya mwili, sawa, ila mbele kwa kiasi gani huwezi kusema, kwa sababu pembe inabadilika kila fremu.

Siku iliyofuata nilirudi na miguu mitatu ya kamera nikaiweka mita 10 kutoka katikati ya njia ya kwanza, ikiangalia njia hiyo moja kwa moja, kimo cha nyonga. Tuliiweka usawa wa mita 35 kutoka mwanzo, mahali ambapo mpwa wangu ameshashika kasi. Kwenye mstari wa njia tulisimamisha fimbo mbili, mita 10 kati yake, nikahakikisha zote mbili zimeingia kwenye picha. Kocha akambandikia kipande cha plasta nyeupe ubavuni, juu ya ule mfupa unaotokeza kwenye nyonga, upande wa kulia unaoelekea kamera. Nikafunga kila kitu: kamera haigeuki, haivuti karibu, haiguswi na mtu. Picha 60 kwa sekunde, ndiyo mwisho wa uwezo wa kamera yangu. Mpwa wangu akakimbia mara 6, mita 60 kila mara, akipumzika dakika 5 na zaidi katikati. Ili kamera isikae bure wakati wa mapumziko, kijana mmoja anayekimbia mita 400, mwenye programu yake tofauti, naye alikimbia mara 6. Nikampiga kwa kuwa kadi ilikuwa na nafasi. Kijana huyo alikuja kuniokoa baadaye.

Kwa kila mbio nilichukua hatua mbili tu zilizo katikati ya picha, mita 2 kila upande, moja ya mguu wa kulia na moja ya kushoto. Zile za pembeni niliziacha. Mkimbiaji aliye pembeni kamera inamwona kwa mshazari, na mguu uliokunjwa kidogo unaonekana umekunjwa vingine. Ukitaka kujionea, simama mbele ya mlango halafu sogea hatua tatu kando: upana wake unapungua wakati mlango haujafanya lolote.

Kisha Kocha akaanza kazi yake. Alikata tairi la zamani vipande, akavilaza chini mstarini, nafasi ya kwanza mita 1.60, kisha akaongeza sentimita 5 kila nafasi mpaka 1.85. Mtoto alikimbia kati yake, mara mbili kwa wiki, akiambiwa neno moja: “Shusha!” Yaani usirushe mguu mbele, uinue goti halafu ushushe mguu ukianza kurudi nyuma kabla haujagusa. Wiki 10. Mimi nikarudi kwenye harusi zangu.

Mwanzo wa mwezi wa 6 tulipiga tena. Ile baridi ya kiangazi ya asubuhi, moshi na vumbi, bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines likionekana kama limechorwa kwa penseli. Fimbo, plasta, mbio 6, kijana wa mita 400, kila kitu kilekile. Angalau nilidhani hivyo.

Jioni nilifungua video ya kabla na ya baada. Ukitumia VLC unabonyeza herufi E na video inasogea fremu moja. Mimi nilitumia Kinovea, kwa sababu inaweka video mbili ubavu kwa ubavu na kukuruhusu kuchora mstari na kuupima. Unaiambia kwanza kwamba kutoka fimbo hii hadi ile ni mita 10, nayo inageuza nukta za picha kuwa sentimita. Kwenye picha yangu nukta moja ilikuwa karibu milimita 6, kwa hiyo mtu asiniulize habari za milimita. Nilipima kutoka ncha ya kiatu hadi usawa wa plasta ya nyonga, mguu unapogusa ardhi.

Kabla: sentimita 46. Baada: sentimita 27.

Sentimita 19! Niliweka picha mbili pamoja, nikachora mistari ya njano, nikaandika KABLA na BAADA kwa herufi zile ninazotumia kwenye majina ya maharusi, nikamtumia Kocha. Kabla sijamaliza kula bukari picha ilikuwa imefika kwa wazazi wote wa kikundi, na baba mmoja alikuwa ameshauliza vipande vya tairi vinauzwa wapi.

Kesho yake mpwa wangu alipita chumbani kwangu. Nilimwonyesha nikitegemea afurahi. Alikaza macho kwenye picha ya BAADA, akainama karibu na kioo, akasema: “Mujomba, ule haiko miye.”

Nikamwambia ni yeye, plasta ileile, kaptula ileile.

“Angalia kisigino,” akasema. “Huku kiko juu. Huku kimeshuka. Miye nikigusa chini kisigino kinakuwa juu, Kocha ananigombezaka juu ya ile kila siku.”

Alikuwa na haki. Kwenye KABLA mguu ulikuwa umegusa kwa sehemu ya mbele tu, kisigino hewani. Kwenye BAADA kisigino kilikuwa kimeshakaribia ardhi na goti limekunjika kubeba uzito. Hizo hazikuwa nyakati mbili zinazolingana. Nikarudi fremu moja nyuma, na hapo nikaona: mguu ulikuwa umeshagusa. Jana niliiruka fremu hiyo kwa sababu vumbi lilikuwa limefunika ncha ya kiatu, na iliyofuata ilikuwa safi zaidi. Nilichagua picha nzuri, kama ninavyomchagulia bibi harusi.

Fremu moja ina uzito gani? Nilihesabu fremu kutoka nyonga inapopita fimbo ya kwanza hadi ya pili: 80. Mita 10 kwa fremu 80 ni sekunde 1.33, yaani mita 7.5 kwa sekunde. Gawa kwa 60: mwili unasogea sentimita 12 na nusu kila fremu. Mguu umesimama chini, nyonga inaukaribia, na kila unapobonyeza mara moja mbele unapunguza sentimita 12 na nusu za kosa la mkimbiaji. Kocha angefanya kazi miezi mingapi kupata kiasi hicho, mimi nikakipata kwa kidole.

Nilipopima kwenye fremu sahihi, 27 ikawa 38. Kwa hiyo tofauti si 19 tena, ni 8. Nilishangaa kidogo kwamba fremu ile iliongeza 11 badala ya 12 na nusu, nikasema labda nimekosea kuweka mstari. Hapo ndipo ningepaswa kusimama na kufikiri. Sikusimama.

Mpwa wangu ndiye aliyeendelea. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, akibonyeza mwenyewe, mara mbele mara nyuma. Akauliza mbona kwenye video ya baada anaonekana mdogo. Nikamwambia kiangazi watu hupungua. Hakucheka.

Alikuwa mdogo kweli. Nilipima urefu wake kwenye skrini, kutoka kichwani hadi kiatuni mguu ukiwa umenyooka, na kwenye video ya pili alikuwa mfupi kwa kama sehemu 11 za mia. Tukaanza kukumbuka. Mwezi wa 6 njia ya kwanza ilikuwa na shimo ambalo watoto wa mpira walilichimba kuweka goli, kwa hiyo Kocha alimhamishia njia ya pili. Kamera ilibaki palepale. Njia ya kawaida ina upana wa mita 1.22, na Kocha wetu, pamoja na umaskini wa kiwanja, anapima kipimo hicho kwa kamba bila mchezo. Mkimbiaji wa njia ya kwanza alikuwa mita 10 kutoka kamera. Wa njia ya pili alikuwa mita 11.22. Kitu kilicho mbali zaidi huonekana kidogo zaidi, hilo kila mpiga picha anajua, nami nilikuwa nimelisahau kwa sababu fimbo zilikuwa zimesimama palepale kwenye njia ya kwanza na kompyuta iliendelea kuzipima hizo. Mkimbiaji hakuwa tena kwenye usawa wa fimbo.

Zidisha 38 kwa 1.122 unapata karibu 43. Ile fremu iliyotoa 11 badala ya 12 na nusu ilikuwa ikinipigia kelele jambo hilihili. Na ile kasi ya mita 7.5 nilikuwa nimeipata kwa fimbo hizo hizo, kwa hiyo nayo haikuwa salama. Kamera inapomwona mkimbiaji nyuma ya fimbo, kati ya fimbo mbili hapiti mita 10 bali 11.22. Nikatafuta mbio ambazo Kocha, kwa bahati, alizipima kwa alama za chokaa zilizochorwa katikati ya njia ya pili yenyewe, mita 10 kamili. Fremu zilikuwa 80 hapo kwenye chokaa. Kwenye fimbo, mbio hizohizo zilitoa 89 au 90. Ile 80 yangu ya jana nilikuwa nimeisoma kwenye alama za chokaa bila kujua, kwa sababu kwenye picha zilionekana vizuri kuliko fimbo. Nilipata jibu sahihi kwa uzembe. Hutokea.

Basi hatua ileile moja, jioni ya kwanza ilikuwa maendeleo ya sentimita 19, ikaja kuwa 8, ikaishia 3. Mtoto hakubadilika hata mara moja katika hesabu hizo tatu. Aliyebadilika ni mimi.

Kocha alipopata habari hakukasirika kama nilivyoogopa. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza: “Kwa hiyo tairi hazijafanya kitu?” Nikamwambia sijui bado, kwa sababu hatua moja kwa fremu 60 haiwezi kujibu. Kamera inafungua jicho kila baada ya sehemu 17 za elfu ya sekunde, na mguu haungoji kamera. Mara nyingine fremu inaangukia pale pale mguu unapogusa, mara nyingine mguu umeshagusa muda fulani kabla. Kwa hiyo kipimo cha hatua moja kinaweza kuwa pungufu kwa chochote kati ya sifuri na sentimita 12. Tofauti ya 3, au hata 8, inamezwa yote humo ndani.

Ningekuwa na kamera ya fremu 240, kila fremu ingekuwa sentimita 3 tu na ningelala mapema. Lakini video ya mwezi wa 3 ilikuwa imeshapigwa kwa 60 na wakati haurudi. Kilichobaki ni wingi. Nilikuwa na mbio 6, hatua 2 kila mbio, hatua 12 kwa kila siku. Kosa la fremu linapoanguka ovyo, mara kubwa mara dogo, wastani wa hatua 12 hulituliza mpaka libaki kama sentimita 1. Upungufu wa jumla, kama nusu fremu, unabaki, ila unabaki sawa kwa kabla na baada, basi ukitoa moja kwa nyingine unaondoka.

Lakini kanuni iwe moja kwa hatua zote 24. Niliiandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya skrini: fremu ya kwanza ambayo kiatu kimegusa, iwe nzuri au mbaya. Na namna ya kujua kimegusa? Video yangu ya mwezi wa 3 nilikuwa nimeipiga kama harusi, jicho la kamera likikaa wazi sehemu moja ya 125 ya sekunde. Mguu ulio hewani, ambao unarushwa karibu mara mbili ya kasi ya mwili, umepakwa kwenye picha kama rangi kwenye ukuta, zaidi ya sentimita 10. Nilikuwa nimelaani ukungu huo. Ikatokea kwamba ndio uliosaidia, kwa kuwa mguu unapogusa chini husimama, na ukisimama ncha ya kiatu inakuwa kali ghafla katikati ya mwili wote wenye ukungu. Fremu ya kwanza yenye ncha kali ndiyo yenyewe. (Kwa kupima nyonga, hata hivyo, ukungu ni adui. Mwezi wa 6 nilikuwa nimeshapunguza hadi sehemu moja ya 1000, na plasta inaonekana kama imebandikwa kwenye ukuta.)

Ili nisijipendelee, mpwa wangu alichanganya majina ya vipande vyote 24 na kuviita kwa herufi, nami nikapima bila kujua kipi ni cha mwezi upi. Si kinga kamili, maana udongo mwekundu wenye unyevu wa masika hauonekani kama udongo wa kiangazi. Lakini angalau mkono haukuwa na haraka.

Matokeo: kabla, wastani sentimita 41. Baada, kwa kipimo kilichorekebishwa, 37. Sentimita 4. Kisha tukahesabu fremu ambazo mguu upo chini. Kabla, hatua 12 zilikuwa za fremu 7 au 8, jumla 89. Baada zilikuwa 6 au 7, jumla 81. Gawa 89 kwa 12, kisha kwa 60: mguu ulikaa chini sekunde 0.124. Baada ni kama 0.113. Ungetazama hatua moja moja ungeona 7 kabla na 7 baada na kusema hakuna kilichotokea, kwa sababu 7 ilijaa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kwenye jumla.

Kocha alitaka kujihesabia mwenyewe. Jioni akanipigia simu, sauti imepanda, akisema mimi na mpwa wangu tumelewa: yeye anaona fremu 3 au 4, si 7. Alikuwa akitazama nakala niliyomtumia kwa WhatsApp. Video ikipita huko hubanwa, na hii ilikuwa imepunguzwa fremu pia. Nikaiangalia kwa amri hii:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=avg_frame_rate -of csv=p=0 baada.mp4
```

Faili langu la kamera lilijibu `60/1`. Nakala ya Kocha ilijibu `30/1`. Nusu ya fremu zilikuwa zimetupwa njiani. Kesho yake alikuja na kadi ya kumbukumbu mfukoni, akanakili faili zenyewe.

Lilibaki swali ambalo Kocha mwenyewe ndiye aliyelileta, na lilinikata maini. Mwezi wa 3 kulikuwa na mvua. Siku ile ya kupiga, udongo ulikuwa laini, kiatu kikizama kidogo. Mwezi wa 6 udongo umekauka na kuwa kama sakafu. Juu ya sakafu mguu hukaa chini muda mfupi hata kwa mtu ambaye hajafundishwa chochote. Je, tumepima tairi au tumepima kiangazi?

Hapo ndipo nilipomkumbuka kijana wa mita 400. Hakugusa vipande vya tairi hata siku moja. Alikimbia kwenye udongo uleule, siku zilezile, njia ileile aliyohamia mpwa wangu, mbele ya kamera ileile. Nikampima kwa kanuni ileile ya karatasi. Mguu wake ulikuwa ukitua sentimita 35 mbele ya nyonga kabla, 34 baada. Fremu za mguu chini: 80, kisha 78. Kwa hiyo kiangazi kinaweza kuwa kimechukua kidogo katika hizo fremu 8 za mpwa wangu, si zote. Kijana mmoja si ushahidi wa mahakamani, lakini bila yeye ningekuwa sina hata hilo. Siku hizi kila nikipiga kabla na baada, lazima awepo mtu wa pembeni ambaye hafundishwi kitu kile.

Kasi nayo iliongezeka: fremu 82 kwa mita 10 mwezi wa 3, fremu 80 mwezi wa 6. Hii inavuruga, maana mtu akikimbia kasi zaidi kwa sababu yoyote, hata kwa kuwa miguu imepata nguvu, mguu wake hukaa chini muda mfupi. Video inaonyesha mguu ulitua wapi na lini. Haionyeshi ardhi ilisukuma kwa nguvu gani. Kwa hilo kuna mabamba ya kupimia nguvu yanayofukiwa kwenye njia, na sisi tuna udongo.

Nilidhani tumemaliza. Lakini nilikuwa nimeandika kila kipimo na mguu wake, K au S, kwa mazoea tu ya kuandika kila kitu. Usiku mmoja umeme ulipokatika, betri ikiwa na nusu saa, nikazitenganisha. Mguu wa kulia: 39 kabla, 38 baada. Mguu wa kushoto: 43 kabla, 36 baada.

Sentimita 4 za wastani hazikuwa mahali popote. Mguu mmoja ulikuwa umebadilika kwa 7, mwingine haukubadilika.

Nikampelekea Kocha asubuhi hiyohiyo. Alitaka kusema kwamba kushoto ndiko kulikokuwa kubovu tangu mwanzo, 43 kwa 39, lakini hilo nilimzuia. Plasta ilikuwa kwenye nyonga ya kulia. Mguu wa kushoto unapokwenda mbele kiuno huzunguka nao, na nyonga ya kulia hurudi nyuma, kwa hiyo kila kipimo cha kushoto kinarefushwa kidogo na plasta yenyewe. Kushoto kwa kulia hakulinganishiki kwenye video hii. Kushoto kwa kushoto, ndiyo. Kulia kwa kulia, ndiyo. Na kulia hakujasogea.

Alikaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu. Kisha akasimama, akaweka simu yake sakafuni kama kipande cha tairi, akaweka kitambulisho chake kama cha pili, akaanza kutembea juu yake polepole akitazama miguu yake. Alianza na wa kulia. Akarudi, akaanza tena, bado na wa kulia. “Mstari unaanza mguu uleule kila siku,” akasema. “Nafasi ni 6. Nafasi fupi ya kwanza wa kulia, na ile ndefu ya mwisho anaipokea wa kushoto. Kila siku.” Sikuwa na hakika kama hiyo ndiyo sababu, na yeye pia hakusema ndiyo. Alisema tu ataongeza kipande kimoja ili nafasi ziwe 7 na kuwabadilishia mguu wa kuanzia.

Mwezi wa 9, kabla mvua haijaanza, tutapiga tena. Plasta pande mbili, mbio 6 kamera ikiwa kulia na mbio 6 ikiwa kushoto, fimbo zikihamia kwenye njia atakayokimbia, hata kama ni ya nane. Mpwa wangu amesema atakuwa anabonyeza yeye. Mimi nimepewa kazi ya kushika karatasi.